Tembe Zikisumbua Tumbo, Usinyamaze

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya kikundi cha watu wanaoishi na kisukari pamoja na jamaa zao. Tumeyachapisha kwa ombi la wakaazi waliokosa kufika.



Mimi si daktari. Kazi yangu katika kaunti ni habari na mawasiliano. Nimesimama hapa kwa sababu mama yangu alikaribia kupoteza mguu, na chanzo chake kilikuwa tumbo la kuendesha. Baada ya hapo nilikaa na wahudumu wa kliniki na wafamasia wetu, nikawauliza maswali mpaka wakachoka nami. Ninayowaambia leo ni yale waliyonifundisha, na wamepitia maneno haya kabla sijayaleta kwenu.

Mama ana miaka 61. Alipogunduliwa kuwa na kisukari, alipewa tembe za metformini za miligramu 500. Kwenye bahasha ya dawa paliandikwa mbili kwa siku, moja asubuhi na moja jioni, pamoja na chakula. Mama alishika sehemu ya kwanza tu. Asubuhi kwake ni saa kumi na moja, kabla ya kukamua ng'ombe, na hapo alimeza tembe kwa kikombe cha chai ya strungi. Jioni kwake ni saa kumi na mbili, akitoka shambani. Alimeza ya pili kwa maji, kisha chakula kikaiva saa tatu usiku.

Siku ya tatu kichefuchefu kilianza. Siku ya tano akawa anaenda choo mara tatu kwa siku, na tumbo linanguruma. Hakumwambia mtu. Alisema moyoni kwamba dawa ni chungu na ugonjwa ni mchungu zaidi, kwa hivyo avumilie.

Wiki ya pili jembe likamkwaruza mguuni, karibu na kidole kikubwa. Kidonda kikaingia uchafu. Alienda kutibiwa mahali pengine, si pale kliniki yake, na hakubeba kitabu chake. Akapewa antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, inayoitwa amoksilini na klavulaneti. Ilikuwa ya 625, mara tatu kwa siku, kwa siku 7. Hakuna aliyemuuliza kama anatumia dawa nyingine, na yeye hakusema.

Siku mbili baadaye alikuwa anaendesha mara tano kwa siku. Hapo akafanya uamuzi wake mwenyewe: akaacha dawa zote mbili. Tumbo likatulia, naye akafurahi. Siku ya tano baada ya kuacha, dada yangu alinipigia simu kuniambia mguu umefura mpaka kiatu hakiingii. Tulimpeleka kliniki. Sukari ilikuwa 17.8, na kabla ya kula daktari alitaka iwe kati ya 4 na 7. Kidonda kilikuwa kinatoa usaha.

Ndugu zangu, tumbo la mama lilikuwa na sababu, na karibu kila sababu ilikuwa na dawa yake. Hatari iliingia pale alipoacha tembe kimyakimya. Kwa hivyo nataka tuelewe mambo matatu: kwa nini tembe hizi husumbua tumbo, maana ya kula pamoja na dawa, na wakati wa kumwambia aliyekuandikia dawa.

Tuanze na metformini. Kuumwa tumbo, kichefuchefu na kuendesha hupata zaidi ya mtu 1 kati ya 10 wanaoianza. Sababu ni kwamba sehemu ya kazi ya dawa hii hufanyika ndani ya utumbo wenyewe. Tembe ikifika kwenye tumbo tupu, dawa nyingi hukutana na ukuta wa utumbo kwa wakati mmoja. Chakula huipunguza kasi, kikaisambaza polepole. Ndiyo maana inamezwa katikati ya mlo au mara tu unapomaliza kula. Ndiyo maana pia madaktari wengi huanza na tembe moja kwa siku, pamoja na mlo mkubwa, kisha wakaongeza baada ya wiki moja au mbili tumbo likishazoea. Kwa wengi usumbufu huu hupungua ndani ya wiki chache.

Hapo mfamasia mmoja alinipa jambo la kukumbuka. Shida ya metformini kwa kawaida huja mwanzoni, au dozi inapoongezwa. Kama umeitumia mwaka mzima bila shida, na leo tumbo limeanza kukusokota, usikimbilie kuilaumu metformini. Huenda ni chakula, maji, minyoo, dawa nyingine mpya au ugonjwa mwingine. Nenda ukachunguzwe.

Antibiotiki husumbua kwa njia tofauti. Utumbo wetu una bakteria wengi wasiotudhuru, wanaotusaidia kusaga chakula na kuzuia wabaya. Antibiotiki haina macho ya kubagua. Ikiua bakteria wa kidonda, huua pia baadhi ya hawa wa utumbo, na choo hulegea. Katika ile ya mama, sehemu inayoitwa klavulaneti ndiyo inayojulikana zaidi kwa kulegeza tumbo. Chakula husaidia kupunguza kichefuchefu chake, lakini hakiwezi kuzuia bakteria wa utumbo wasiguswe. Kwa hivyo mtu anaweza kula vizuri, akameza dawa vizuri, na bado choo kikalegea kidogo mpaka dozi iishe.

Mama alikuwa na yote mawili kwa pamoja: metformini kwenye tumbo tupu, na antibiotiki juu yake.

Sasa tuje kwenye chakula. Tukisema pamoja na chakula, tunamaanisha nini? Chai ya strungi si chakula. Kikombe cha maji si chakula. Mlo ni kitu kinachokaa tumboni: uji mzito na kiazi kitamu, ugali na sukuma wiki, githeri, wali na maharagwe. Si lazima uwe mlo mkubwa, ila uwe wa kweli. Na kwa mwenye kisukari, kula pamoja na dawa hakumaanishi kuongeza mlo mwingine. Maana yake ni kusogeza tembe ifuate mlo ambao ungekula hata hivyo.

Ile ya amoksilini na klavulaneti humezwa mwanzoni mwa mlo, na matonge ya kwanza. Metformini humezwa katikati au mwishoni. Mkumbuke pia kwamba kuna tembe za metformini zinazoachilia dawa polepole, ambazo mara nyingi hupewa wale ambao tumbo limekataa za kawaida. Hizo usizisage wala kuzitafuna, maana ukizivunja dawa yote inatoka mara moja. Ukiona kitu kama ganda la tembe chooni, usishtuke. Dawa ilishatoka, ganda ndilo lililopita.

Hata hivyo, si kila antibiotiki inataka chakula, na hapa watu wengi hukosea kwa nia njema. Kloksasilini na flukloksasilini humezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, kwa sababu chakula huzizuia kuingia mwilini vizuri. Siprofloksasini inaweza kumezwa na chakula, lakini isimezwe na maziwa, mala au chai ya maziwa. Kalisiamu ya maziwa huikamata dawa tumboni, nayo haifiki kwenye ugonjwa. Doksisaiklini hupendelea chakula na glasi nzima ya maji, kisha ukae au usimame wima kwa nusu saa, usilale, la sivyo tembe inaweza kukwama kwenye koo la chakula na kulichoma.

Kuna mtego mwingine hapo. Mtu akisikia tumbo linachoma kwa sababu ya dawa, huenda dukani kununua dawa ya kupunguza asidi. Dawa nyingi za asidi zina alumini, magnesiamu au kalisiamu, na hizi pia huikamata siprofloksasini na doksisaiklini. Tumbo linatulia, na ugonjwa unabaki palepale. Kwa hivyo unapopewa antibiotiki yoyote, muulize anayekupa maswali mawili: niimeze kabla ya kula au na chakula? Na kuna kitu nisichoruhusiwa kula, kunywa au kumeza karibu nayo? Mwambie aandike jibu kwenye bahasha.

Nirudi kwa mama. Afisa wa kliniki aliyemwona hakumkemea. Alimuuliza tu. Unameza saa ngapi? Unakula saa ngapi? Shida ilianza kabla ya antibiotiki au baada? Unaenda choo mara ngapi, na ni maji matupu? Kuna damu? Una homa? Unakojoa kama kawaida? Mama alijibu yote, na katika majibu hayo hadithi nzima ikaonekana. Tumbo lilianza kusumbua siku ya tatu ya metformini, wiki nzima kabla ya antibiotiki. Halikuwa na damu wala homa. Saa za kumeza hazikukutana na saa za kula hata mara moja.

Walipima mkojo na damu kuona kama figo ziko sawa, kwa sababu alikuwa amepoteza maji mengi kabla ya kuacha dawa. Zilikuwa sawa. Kidonda kikasafishwa. Kisha afisa akapanga hivi. Antibiotiki ianze upya kwa siku 7, kwa sababu ile ya kwanza ilikatizwa na kidonda kimezidi. Imezwe saa moja asubuhi na uji, saa nane mchana na chakula cha mchana, na saa tatu usiku na chakula cha jioni. Metformini irudi, lakini moja tu kwa siku, baada ya chakula cha jioni, kwa wiki moja. Wiki ya pili iongezwe ya asubuhi, baada ya uji na si kabla ya kukamua. Sukari ipimwe kila asubuhi, na kidonda kionyeshwe kila baada ya siku mbili.

Mjukuu wake akamchorea ukurasa kwenye daftari la shule: saa, tembe, chakula, tumbo. Siku ya kwanza kuliandikwa choo mara mbili, laini. Siku ya tatu kichefuchefu kidogo asubuhi. Siku ya sita hakuna shida. Alipoongeza metformini ya asubuhi, choo kililegea tena kwa siku mbili, kikatulia. Baada ya wiki tatu kidonda kilikuwa kimekauka, na sukari ya asubuhi ilikuwa 8.1. Bado ilikuwa juu kidogo, lakini ilikuwa inashuka. Dawa ni zilezile zilizomtesa. Kilichobadilika ni saa, chakula, mwendo wa kuongeza dozi, na kwamba sasa kuna mtu anayejua.

Hilo linatuleta kwenye jambo la mwisho: wakati wa kumwambia aliyekuandikia dawa. Nimeligawa mara tatu.

Kwanza kuna yale yanayoweza kungoja siku chache. Kichefuchefu kidogo, gesi, ladha ya chuma mdomoni, choo laini mara moja au mbili kwa siku, nawe unakula, unakunywa na unakojoa kama kawaida. Rekebisha saa na chakula, andika unachoona, endelea na dawa. Lakini kama wiki mbili zimepita na metformini bado inakusumbua, au kama unajikuta unaruka tembe ili uweze kwenda sokoni au kanisani bila wasiwasi, rudi ukaseme. Kuruka tembe ni habari ambayo daktari anaihitaji. Anaweza kupunguza dozi, kuongeza polepole zaidi au kukupa ile inayoachilia dawa polepole. Usipomwambia, ataona sukari iko juu, atadhani dawa haitoshi, na atakuongezea ileile inayokuumiza. Na kama nyumbani mlo wa kweli ni mmoja tu kwa siku, au uko katika mfungo, sema pia. Hilo si la kuonea aibu. Dawa hupangwa kulingana na maisha ya mtu.

Pili kuna yale ya kusema siku hiyohiyo. Unatapika, au unaendesha maji mara nyingi, na huwezi kula wala kunywa ukashikilia. Hapa wanaotumia metformini wasikie vizuri. Dawa hii hutolewa mwilini na figo. Mwili ukikauka, figo hupunguza kazi, dawa hubaki kwenye damu, na asidi inaweza kujaa mwilini. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea ni ya hatari. Kwa hivyo ukiwa katika hali hiyo, usimeze tembe inayofuata ya metformini kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Atakwambia usimamishe kwa siku ngapi na urudie lini. Kwa kawaida hurudiwa ukishakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Ni kusimamisha kwa muda, mhudumu akijua, sio kuacha kama mama alivyoacha. Na anayetumia insulini asiiache kwa sababu tu hali chakula. Apige simu au aende kituoni aelekezwe.

Siku hiyohiyo pia, sema ukiona damu kwenye choo, homa, au maumivu makali ya tumbo pamoja na kuendesha maji wakati unatumia antibiotiki. Wakati mwingine antibiotiki ikiwafagia bakteria wazuri, bakteria mmoja mbaya hupata nafasi, akakua na kuumiza utumbo. Hilo linaweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi, kwa hivyo mkumbuke kutaja antibiotiki mliyoimaliza mwezi uliopita. Katika hali hiyo usinunue dawa ya kufunga tumbo kabla ya kuonwa. Ukifunga mlango, sumu hubaki ndani. Vivyo hivyo, ukiona macho yamekuwa manjano au mkojo umekuwa mweusi kama strungi, wakati wa dozi ya amoksilini na klavulaneti au wiki chache baadaye, nenda ini likapimwe.

Tatu kuna yale yasiyongoja hata saa moja. Midomo, uso au ulimi kufura, upele wa ghafla mwili mzima, kifua kubana au kukoroma unapovuta pumzi baada ya kumeza dawa. Hiyo si tumbo kusumbuka, hiyo ni mwili kuikataa dawa. Usimeze nyingine, kimbia hospitali. Kadhalika anayetumia metformini akiwa mgonjwa, akaanza kuhema kwa kasi na kwa kina, misuli inauma, mwili umelegea na anasinziasinzia. Apelekwe hospitali mara moja, na bahasha za dawa zake zibebwe.

Unapoenda kusema, usiseme tu kwamba dawa hizi ni mbaya. Sema kama mama alivyojifunza kusema: nilianza tarehe fulani, nameza saa fulani, nakula saa fulani, naenda choo mara kadhaa, ni maji au ni laini, nimeruka tembe kadhaa. Sentensi chache zinatosha. Na popote unapotibiwa, hata kama ni jino au mkwaruzo wa jembe, beba kitabu chako cha kliniki na bahasha za dawa zote.

Juzi nilimuuliza mama kwa nini hakusema mapema. Akaniambia, "Mwanangu, daktari aliniuliza kama niko sawa, nami nikajibu niko sawa. Ningewezaje kumwambia mtu mdogo vile habari za choo?" Nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu najua wengi hapa mngejibu vivyo hivyo. Kwa hivyo leo tumewaomba wahudumu wetu waliokaa pale nyuma wawasikilize mmoja mmoja, faraghani, kabla hamjaondoka. Mwenye bahasha ya dawa mfukoni aitoe, waangalie pamoja saa na chakula. Na mama mwenyewe yuko pale kwenye benchi la pili. Anayeona aibu kuzungumza na vijana, aanze na yeye.